Tupeane uzoefu: mtoto akipumua huku pua zinacheza

MamaWawili: Leo nimeona kichanga pua zinacheza, nikakumbuka wangu akiwa na miezi 7. Alianza na mafua. Usiku wa tatu kila akivuta hewa pua zinatanuka, chini ya mbavu panabonyea, kichwa kinaitikia kama anayekubali jambo. Nilihesabu pumzi dakika nzima: 66. Ziwa analishika, anavuta mara mbili, anaachia. Alfajiri akatulia, pumzi zikapungua, nikamshukuru Mungu nikajilaza. Dada yangu ndiye aliyemgusa akamkuta amelegea, midomo rangi ya majivu. Hospitali walimwekea oksijeni kabla ya kuniuliza jina. Ule utulivu unanitisha mpaka leo.

Baba Pacha: Pole sana mama. Yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Mkongwe: Pua kutanuka ni kamasi tu. Msafishe, mfukize mvuke, kwisha.

NesiWaZamu: Mzee wangu, kusafisha sawa, kufukiza hapana. Nimepokea watoto walioungua na maji hayo. Kwenye pua umepatia nusu: pua ni njia nyembamba, mtoto akiitanua hewa inapita kwa urahisi zaidi. Lakini anaitanua hata isiyo na kamasi, mapafu yakiwa mazito. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinavuta chini kwa nguvu, na mbavu zake bado laini, basi badala ya hewa kuingia ya kutosha, kifua ndicho kinachovutwa ndani. Msuli wa shingo unakuja kusaidia kuinua kifua, ila shingo haijakomaa, kwa hiyo kinachovutwa ni kichwa. MamaWawili, wako hakuwa amepona alfajiri. Misuli ilichoka.

Mkongwe: Sisi tulifukizwa wote na tuko hai.

MamaWawili: Shikamoo mzee, lakini aliyeungua hayupo hapa kukujibu.

Kifua Kizito: Mimi ni mtu mzima, nina pumu. Ikinibana naegemea mbele, mikono magotini. Mabega yakishikiliwa, misuli ya shingo inapata pa kuvutia mbavu. Nikilala chali naona kifo. Msinilazimishe kulala!

Mgeni22: Wangu ana wiki 3, anapumua haraka, anasimama kidogo, anaendelea. Ndiyo hii?

NesiWaZamu: Kusimama sekunde chache bila kubadilika rangi huwa kawaida kwa umri huo. Mhesabu ametulia, dakika nzima. Ikifika 60, rudia. Ikibaki hapo, mpeleke. Miezi 2 hadi 11 kikomo chetu ni 50, mwaka 1 hadi 5 ni 40. Kifua kikibonyea, au akiguna kila akitoa pumzi, au akishindwa kunyonya, usihesabu, ondoka.

Baba Pacha: Mbona sisi kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 95 tukarudishwa, na mbavu zilikuwa zinabonyea?

NesiWaZamu: Hiyo 95 mtoto aliilipia kwa misuli. Mimi nisingewarudisha.

Mpitanjia: Daktari aliyemwona alikuwepo, wewe hukuwepo.

Baba Pacha: Tulirudi usiku uleule. Ilikuwa 86.