Karatasi ya mkunga wa jadi kwenda zahanati uchungu unapogoma: tupeane uzoefu

Mhudumu_Bondeni
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kasulu. Serikali inataka kina mama wote wajifungulie zahanati na sisi tunahimiza hivyo hivyo, lakini masika mto ukijaa watu wanakwenda kwa bibi wa jirani. Uchungu ukigoma, bibi anamtoa mgonjwa kwenda zahanati akiwa na mtoto wa darasa la sita na maneno ya kukariri. Wakifika, nusu ya maneno yamepotea njiani. Wakunga wameniomba niwatengenezee karatasi moja rahisi. Aliyewahi kuandika, kubeba au kupokea karatasi ya namna hii, aseme ilisaidia wapi na iliponza wapi.

Nesi_Mstaafu
Nimepokea nyingi, Tabora, kwenye kituo cha afya kisicho na chumba cha upasuaji. Nyingi ziliandikwa "mgonjwa anaumwa uchungu, msaidieni", basi. Ila moja ninaikumbuka kama ilivyokuwa, karatasi ya daftari la hesabu, mwandiko wa mtoto:

*"Mzazi wa kwanza miaka 19. Uchungu umeanza jana magaribi. Chupa imepasuka jogoo wa kwanza maji ya kijani. Mtoto anacheza kidogo. Hajakojoa toka asubui. Mama mkwe kampa dawa ya mizizi kikombe kimoja saa 4 asubui leo. Tumetoka nyumbani saa 6 mchana. Kadi anayo."*

Walifika saa 8 mchana. Nilipompima, njia ya uzazi ilikuwa imefunguka sentimita 7, kichwa cha mtoto bado kiko juu na ngozi yake imeumuka, na mapigo ya mtoto yanashuka kila uchungu unapopita, yanachelewa kurudi. Nikamwekea mpira wa mkojo, ukatoka mkojo wenye rangi ya damu. Hapo nikajua kichwa kinabana, hakipiti.

Sasa sikilizeni kilichotaka kutokea. Uchungu wenyewe ulikuwa umeanza kulegea, na kijana niliyekuwa naye zamu akaona dawa yake ni dripu ya kuongeza uchungu. Chupa alikuwa nayo mkononi. Nikamsomea mstari wa mizizi. Hatujui kile kikombe kilikuwa na nini, lakini mizizi mingi ya wazazi kazi yake ni kuubana mfuko wa uzazi. Ukimwongezea dripu juu yake, na mtoto hapiti, mfuko unaweza kupasuka. Na mahali pasipo na upasuaji dripu ile haina ruhusa hata bila mizizi. Akairudisha kabatini.

Tukamlaza ubavu wa kushoto, tukamwekea dripu ya maji tu mshipani na antibayotiki kwa sababu chupa ilipasuka muda mrefu, tukaita gari. Hospitali ya wilaya walimpasua jioni ile. Mtoto alitoka amelegea, wakampulizia hewa kwa mfuko na barakoa hadi akalia.

Kwa hiyo mkuu, ukikosa nafasi ya mengine, usikose haya: uchungu ulianza lini, chupa ilipasuka lini na maji yana rangi gani, na amekunywa nini. Mengine nitayapima mwenyewe. Hayo matatu siwezi kuyapima, yuko anayeyajua kijijini tu.

Boda_wa_Kijiwe
Mimi ndiye mbebaji. Nina neno moja kuhusu saa. Nilibeba mama na karatasi imeandikwa "uchungu saa 10". Kufika, daktari mgeni akaandika kwenye fomu yake saa kumi jioni. Bibi alimaanisha saa kumi alfajiri! Yaani kwenye fomu mama ana uchungu wa saa mbili tatu, kumbe ana zaidi ya kumi na mbili. Wakamwambia atembeetembee uani kwanza. Bahati mama yake alikuwa nyuma ya pikipiki akapiga kelele.

Andikeni alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Na "jana" au "juzi". Wao hospitali wanaandika saa za kizungu, 04:00 na 16:00, nyinyi mnaandika zetu.

Nesi_Mstaafu
Boda kasema kweli tupu. Tena afadhali bibi aandike "adhana ya alfajiri" au "watoto wakienda shule" kuliko namba peke yake. Mimi nitaigeuza mwenyewe.

Dokta_Mtaa
Wakuu mnasahau kitu cha msingi. Karatasi bila sentimita haina maana. Mkunga afundishwe kupima njia kwa vidole viwili, aandike. Kanuni inajulikana, sentimita moja kila saa. Ikipita saa moja haijaongezeka, rufaa.

Nesi_Mstaafu
Ndugu yangu, umeshika nusu. Ile ya sentimita moja kwa saa ndiyo mstari tuliofundishwa kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Lakini tangu 2018 Shirika la Afya Duniani lenyewe limesema wanawake wengi huenda polepole kuliko hapo na wakazaa salama, na kasi inahesabiwa kuanzia sentimita 5, si mwanzo wa uchungu. Ukitumia kanuni yako utaleta kijiji kizima.

Na vidole sitaki kabisa. Chupa ikishapasuka, kila kidole kinachoingia kinapandisha vijidudu, na nyumbani hakuna glavu safi. Nimepokea mama mwenye homa kali aliyepimwa na shangazi watatu kwa zamu. Mkunga aangalie muda, rangi ya maji, mkojo, na kama mtoto anacheza.

Dokta_Mtaa
Sawa, ila muda gani? Wengine wanasema saa 24.

Nesi_Mstaafu
Zamani wakunga walifundishwa jua lisimchwee mwenye uchungu mara mbili. Hiyo ni ndefu mno. Waliofundishwa baadaye waliambiwa saa 12, na kwa aliye mbali na barabara mimi ningesema aondoke kabla ya hapo. Maji ya kijani, damu, au mshono wa operesheni ya zamani, hakuna kusubiri saa yoyote.

MamaPacha_Tanga
Samahani, mnanitisha. Mimi nilichomwa sindano ya uchungu pajani, tena mtoto ameshatoka! Ina maana walinihatarisha? Mbona hakuna aliyeniambia?

Nesi_Mstaafu
Hapana mama, hiyo ni nyingine. Dawa ni ile ile lakini mtoto akishatoka unachomwa uniti 10 ili mfuko ujikunje, kondo litoke na usivuje damu. Kila mzazi anachomwa. Hatari tunayoisema ni kuitia wakati mtoto bado yumo na njia imebana.

MamaPacha_Tanga
Ahsante dada, nimepumua.

Mjukuu_wa_Bibi
Naandika kwa niaba ya bibi yangu, mkunga tangu mama yangu hajazaliwa. Yupo hapa jirani yangu, haya ni maneno yake:

"Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi karatasi naandikiwa. Iliyonitoa jasho ilikuwa ya mama wa mtoto wa sita. Watu wanaogopa mzazi wa kwanza tu. Huyu wa sita wanamwona mzoefu. Uchungu wake ulikuwa wa kufuatana, mkali, tangu usiku. Mchana ukakata ghafla. Wenzake wakashukuru, wakasema kapumzika, atapata nguvu. Mimi nikamgusa tumbo, nikakuta viungo vya mtoto viko juu juu kama vimefunikwa na khanga tu. Mama anatoka jasho baridi, anataka maji. Nikamwambia huyu mtoto andika: uchungu haukupungua, umekata mara moja, adhuhuri, na kabla ulikuwa mkali. Mtoto tulimkosa. Mama walimtoa kizazi, yu hai, analima."

Nesi_Mstaafu
Shikamoo bibi. Wakuu, someni hapo mara mbili. Mfuko wa mzazi wa kwanza ukizuiwa huchoka, uchungu unalegea taratibu. Wa aliyezaa watoto wengi kwa kawaida hauchoki, unaendelea kusukuma mpaka unapasuka, ndipo kimya. Mpokeaji akisoma "uchungu umepungua" atafikiri ni kuchoka. Akisoma "umekata ghafla baada ya kuwa mkali" atatafuta damu na chumba cha upasuaji kabla hajavaa glavu. Kwa hiyo karatasi iwe na mstari: mimba ya ngapi, amezaa wangapi.

Mwana_Kilifi
Huku kwetu Kenya, tangu uzazi wa bure uanze 2013, wakunga wengi wa kienyeji wamegeuzwa wasindikizaji. Mkunga anakuja na mama mwenyewe mpaka mlangoni. Sasa karatasi ya nini? Mtu mzima anaongea.

Boda_wa_Kijiwe
Anaongea na nani kaka? Pikipiki inabeba mgonjwa na mmoja wa kumshika. Huyo mmoja ni mume au mama yake. Bibi anabaki.

Nesi_Mstaafu
Na hata akija, mara nyingi anaachwa kwenye benchi la nje. Zamu ikibadilika jioni, alichosema kwa mdomo kimeondoka na nesi wa asubuhi. Karatasi inabanwa kwenye kadi ya kliniki na inakwenda nayo hadi wilayani. Akija, heri. Karatasi iwepo pia.

Mhudumu_Bondeni
Nashukuru sana. Nimeandika rasimu: jina la mama, umri, mimba ya ngapi na amezaa wangapi, ana mshono wa operesheni au hana, uchungu ulianza lini, chupa lini na rangi ya maji, mtoto anacheza, mkojo, damu, amekunywa nini na nani kampa, wametoka nyumbani lini. Kwa asiyesoma nimechora jua linalochomoza, jua la utosini, jua linalozama na mwezi, anatia alama tu. Chini nimeandika 115, ile namba ya bure ya m-mama, wapige gari lianze kuja kabla hawajafika kwetu.

Kinachonikwamisha ni mstari wa mwisho: jina na saini ya mkunga. Kijiji chetu kina sheria ndogo ya faini kwa anayezalishia nyumbani. Mkunga mmoja kaniambia waziwazi, "Ukiweka jina langu hapo, nitamtuma mgonjwa bila karatasi."

Dokta_Mtaa
Sheria ni sheria. Asiyetaka kutaja jina ana la kuficha.

Mjukuu_wa_Bibi
Bibi anauliza: wewe ungependa akufiche nini, jina lake au ile mizizi?

Nesi_Mstaafu
Mimi niliwahi kumsikia mwenzangu akimfokea mkunga mbele ya foleni, "mmeshamharibu ndiyo mnamleta". Mwaka ule hakuna aliyetuletea karatasi kutoka upande ule. Lakini pia nimewahi kumtafuta aliyeandika nimuulize dozi, nisimpate kwa kuwa hakuna jina. Sina jibu safi hapa.

Mwana_Kilifi
Weka namba ya simu tu, bila jina. Zahanati wakiwa na swali wapige.

Mjukuu_wa_Bibi
Bibi anasema anakubali namba. Ila simu yake inachajiwa dukani Jumatano na Jumamosi, na wazazi hawachagui siku.