Naomba ushauri: tofauti ya bei kati ya oili ya madini, PAO na esta inatokana na nini?

Mwenda_Pole
Habari zenu wakuu. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo huchukua takriban lita 3.7 za oili pamoja na filta, na safari zangu nyingi ni za foleni kati ya Mbagala na Posta. Dukani Kariakoo nimeonyeshwa madumu matatu ya lita 4: la oili ya madini kwa shilingi 48,000, lililoandikwa sinthetiki kamili kwa 95,000, na la tatu, linalosifiwa kuwa na PAO na esta, kwa 210,000. Naomba kuelimishwa, je, kilichomo ndani ndicho kinachopandisha bei kiasi hicho?

Dereva_wa_Kanda
Ndugu, kwa joto la Dar tumia 20W-50 na uachane na hizo nyepesi. Lori langu limetembea nayo miaka mingi bila tatizo.

Mwenda_Pole
Ahsante kaka, lakini swali langu halihusu uzito. Nauliza kuhusu mafuta ya msingi yaliyotumika kutengenezea oili.

Mama_Gereji
Mimi nawashauri wateja wenye injini zilizochoka wasiweke sinthetiki, kwa sababu hukausha sili na injini ikaanza kuvuja.

Mchanganyaji_Mstaafu
Nilifanya kazi ya kuchanganya oili kiwandani, basi niruhusuni nieleze kwa kirefu kidogo.

Dumu la 48,000 lina mafuta yaliyosafishwa kutoka kwenye mafuta ghafi, ambayo bado yana mabaki ya salfa na ya molekuli zinazoungua mapema. Dumu la 95,000 kwa kawaida ni Kundi la Tatu: ni mafuta ghafi yaleyale, ila yamevunjwavunjwa na kupangwa upya kwa haidrojeni chini ya shinikizo kubwa. Mwaka 1999 nchini Marekani, Mobil ililalamika kwamba Castrol inayaita mafuta ya namna hiyo sinthetiki, na chombo kinachosuluhisha malalamiko ya matangazo kikaona Castrol haikukosea. Tangu hapo neno hilo kwenye dumu halikuhakikishii PAO.

PAO yenyewe hujengwa kiwandani kutokana na gesi ya ethilini, na kwa kuwa haina nta, hubaki kimiminika hata kwenye baridi kali sana, faida ambayo mtu wa Mbagala hataiona maishani mwake. Kasoro yake ni kwamba haiyeyushi viongezi vizuri na hukaza mipira ya sili. Kwa hiyo Mama Gereji ana hoja, lakini inahusu PAO ikiwa peke yake. Esta huilainisha mipira hiyo na kuyeyusha viongezi, ndiyo maana huchanganywa kidogo kurekebisha kasoro hizo. Ikizidi nayo hugombea nafasi kwenye chuma na viongezi vya kuzuia msuguano.

Sasa hesabu. Tuseme lita 3.2 kati ya 4 ni mafuta ya msingi, na tukadirie gharama ya jumla kwa lita, ingawa bei hizi hupanda na kushuka: madini 3,000, Kundi la Tatu 4,500, PAO 9,000, esta 12,000. Dumu la kwanza lina mafuta ya 9,600, la pili ya 14,400, na la PAO tupu ya 28,800. Ukiweka esta asilimia 10 badala ya PAO, unafika 29,760. Kwa makadirio hayo, esta inayosifiwa sana imeongeza shilingi 960, na dumu la tatu limelizidi la kwanza kwa mafuta ya takriban 20,000, ilhali dukani tofauti ni 162,000. Zilizobaki ni viongezi bora, gharama za kupata vibali vya watengenezaji wa magari, ushuru, usafirishaji na jina.

Mwenda_Pole
Shukrani sana, mzee. Nitajuaje kama PAO imo kweli?

Mchanganyaji_Mstaafu
Tafuta mtandaoni karatasi ya usalama ya bidhaa hiyo. Ukikuta namba `68037-01-4`, hiyo ni PAO, na mara nyingi kiwango chake huandikwa kwa asilimia. Namba `64742-54-7` ni mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa haidrojeni, lakini haikuambii kama ni Kundi la Pili au la Tatu. Esta nyingi haziorodheshwi kabisa kwa kuwa si hatari.

Turbo_Arusha
Mzee, nakubaliana nawe kuhusu IST, lakini usiwakatishe tamaa wenye tabo. Tabo ikizimwa ikiwa ya moto, oili iliyobaki kwenye beringi zake huungua na kuacha masizi magumu, na hapo PAO huvumilia zaidi.

Mchanganyaji_Mstaafu
Kwa tabo sikupingi, ingawa Kundi la Tatu la siku hizi lenye viongezi vizuri limeikaribia sana.

Turbo_Arusha
Kuikaribia si kuifikia.

Mwenda_Pole
Nimeipata karatasi ya dumu la 210,000. Imeandikwa `64742-54-7`, asilimia 50 hadi 70, na PAO asilimia 10 hadi 20. Nachukua la 95,000.