Pampu ya maji imepitishwa vikao vitatu na bado hatujanunua. Nifanyeje kama katibu?

Katibu Mpya: Wakuu, nisaidieni. Jengo letu liko Upanga, flati 24. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la juu imechoka. Kikao cha kwanza tulikubaliana tununue, cha pili tukakubaliana tena, na cha tatu vivyo hivyo. Bei ni 1,800,000, yaani 75,000 kila flati, lakini zimelipa flati sita tu. Muhtasari umeandikwa hivi: "Wajumbe walikubaliana pampu inunuliwe haraka." Nakosea wapi?

Mzee wa Mihtasari: Mkuu, hilo si azimio. Nani ananunua? Lini? Fedha anapewa nani? Andika hivi: "Azimio 3/2: kila flati ilipe 75,000 kwa mweka hazina kabla ya tarehe 15. Mjumbe wa ghorofa ya pili alete ankara tatu kabla ya tarehe 20." Lisome kwa sauti kabla hamjaingia ajenda inayofuata. Anayepinga apinge hapo hapo, asije kukuambia baadaye kwamba hakusema hivyo.

Bint Kisutu: Akidi ikitimia imekwisha hiyo. Nusu ya waliopo wakinyoosha mikono, wote wanalipa.

Mzee wa Mihtasari: Taratibu, dada. Akidi ni idadi ya kuanzisha kikao, kura ni jambo jingine, na vyote viwili vinatajwa kwenye kanuni za jengo. Halafu waliokuwepo ni akina nani? Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, wanachama wa jumuiya ni wenye flati. Mpangaji akipiga kura bila barua ya mwenye nyumba, mwenyewe atakuja kusema hakushirikishwa.

Katibu Mpya: Duh. Wapangaji walikuwa wengi kuliko wenye flati.

Mama Pacha: Kwetu mlinzi analala saa tatu usiku, tumelalamika hadi tumechoka. Mwenyekiti anasema tupeleke kwenye "mengineyo".

Mzee wa Mihtasari: Mama, "mengineyo" ndiko mambo yanakokwenda kufa: saa nne usiku, watu wameshika funguo mkononi. Omba iwe ajenda yenye namba. Nawe Katibu, taarifa ya kikao itoke siku saba kabla, kiasi cha fedha kikiwa kimeandikwa, na umtumie mwenye flati mwenyewe. Muhtasari ubandike ngazini ndani ya siku mbili. Kwenye "yatokanayo" kila azimio lipate jibu moja: limetekelezwa, bado, au limefutwa. Msirudie mjadala. Hapo ndipo vikao vyenu vitatu vilipoishia.

Katibu Mpya: Nimeelewa. Ila mwenye flati mmoja yuko Maskati, ujumbe anasoma na hajibu. Mpangaji wake anasema pampu si kazi yake.

Bint Kisutu: Mkatieni maji!

Mzee wa Mihtasari: Bomba la kupanda juu ni moja, utamkatiaje peke yake? Hata mimi kuna mmoja ananinyima usingizi tangu mwaka jana.

Katibu Mpya: Basi naandika taarifa upya leo. Wa Maskati nitampelekea barua kupitia nduguye wa Magomeni, tuone.