Bosi akinisema mbele ya mteja sauti inatetemeka. Nifanyeje?

Binti_Kurasini: Wakuu, habari za jioni. Nipo ofisi ya kutoa mizigo bandarini, upande wa nyaraka. Juzi mteja kaja juu, kontena lake limeingia demareji, ile tozo ya kuchelewa. Bosi akanigeukia mbele yake: "Muulize huyu, ndiye kalalia makaratasi." Ukweli ni kwamba makaratasi yalikuwa tayari mapema, malipo ya wakala wa meli ndiyo yalikwama kwa mhasibu. Nikataka kujibu, sauti ikaanza kutetemeka, nikanyamaza. Semina moja walitufundisha tutaje kwanza hisia kabla ya kujibu. Nikawa najiambia kimoyomoyo "nina hasira, nina hasira", na ndiyo kwanza ikazidi kupanda. Anayeijua hii kitu anielekeze.

Mzee_wa_Gongo: Mwanangu, hesabu hadi kumi, meza mate, ndiyo ufungue mdomo. Nimeishi na mabosi wa kila aina kwa njia hiyo.

Kibatari: Tatizo hapo ni mhasibu. Chapisha barua pepe zote zenye tarehe na saa, peleka kwa bosi. Wasije wakakukata mshahara kwa hiyo demareji.

Binti_Kurasini: Asante kaka, barua pepe ninazo. Nauliza ile dakika yenyewe, watu wote wanakutazama wewe.

Dada_Nasaha: Mdogo wangu, kutaja umetaja, ila jina ni pana mno. "Hasira" inakusukuma kwenye kupambana tu. Turudi kwenye tukio lako. Umesemwa mbele ya mgeni, hapo kuna fedheha. Umebebeshwa kosa la mwingine, hapo kuna kuonewa. Na sauti kutetemeka huenda ni hofu ya kibarua. Sasa ondoa kimoja uone kinachobaki: mteja asingekuwepo, bosi akasema maneno yaleyale, ungeumia vilevile?

Ukijibu hapana, kilichokushika ni fedheha. Mbele ya mteja unasema tu, "Naomba nifuatilie, kabla ya saa kumi nitakupigia," halafu baadaye unamwomba bosi faragha asikuseme mbele za wateja. Ukijibu ndiyo, umeonewa, na hapo barua pepe za Kibatari ndiyo mahali pake. Ikiwa ni hofu, barua pepe hazitaitoa. Muulize bosi kazi yako anaionaje.

Jina likikaa sawasawa, mara nyingi mabega yanashuka kidogo na unajua cha kuomba. Ukiona bado unapanga namna ya kumkomesha mtu, hujalipata. Na jihadhari na "nahisi ananidharau". Hiyo ni hukumu juu ya moyo wa mwenzio, haijasema wewe una nini.

Mzee_wa_Gongo: Kwa hiyo kuhesabu kwangu ni bure?

Dada_Nasaha: Hapana mzee wangu, shikamoo. Kuhesabu kunampa muda, ila akifika kumi bado hajui aseme nini. Tena akiwa amepanda sana majina hayaji kabisa. Kwanza avute pumzi ndefu mbili tatu, au aseme "naomba niangalie faili", ndipo atafute jina.

Buza_kwa_Lulenge: Mtu anakushushua, wewe unatafuta kamusi! Kuna aliyepima haya mambo au ni ya kwenye semina tu?

Dada_Nasaha: Wamepima. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku wakipiga picha za ubongo. Waliochagua neno la hisia, amigdala yao, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, ilitulia kuliko walipochagua tu jina la mtu linaloendana na uso ule. Ila zile zilikuwa picha, hakukuwa na bosi anayesubiri jibu. Ndiyo maana nasema fanyia mazoezi kwenye madogo, mfano kondakta akikunyima chenji.

Mama_Dirishani: Mimi niko dirisha la benki. Kila mchana nilikuwa najua nawachukia wateja. Kumbe njaa! Chai saa nne, halafu hakuna kitu mpaka saa tisa. Siku hizi nabeba mihogo, wateja wamekuwa watu wazuri ghafla.

Buza_kwa_Lulenge: Hahaha, huyo hana hisia, ana tumbo.

Dada_Nasaha: Usicheke, njaa na uchovu vinavaa sura ya hasira kila siku. Navyo vitajwe.

Binti_Kurasini: Nimejiuliza lile swali. Bila mteja ningemjibu bosi vizuri tu, tena kwa utani. Kwa hiyo ni fedheha. Sasa, nikimwona faragha nimwambie "nilifedheheka", au nimwombe tu asirudie?

Dada_Nasaha: Mwambie. Neno hilo halimshtaki, linasema lililokupata.

Kibatari: Mimi nakataa. Bosi wa namna hiyo ukimwonyesha panapouma ndipo atakapobonyeza. Jina libaki nalo kichwani, mpelekee ombi tu.

Dada_Nasaha: Kuna mabosi wa hivyo, sibishi. Yeye ndiye anayemjua wake.

Binti_Kurasini: Wangu bado sijamsoma. Nitaanza na ombi, nione atanitazamaje.