Leseni ya programu na jina la hoteli: kipi nimege, kipi nikiache?

MwanaPaje: Assalaam alaykum. Naweka hesabu za hoteli ndogo huku Paje. Nafunga mwaka ulioishia 31 Disemba 2025 na tumekwama na bosi kwenye mali mbili zisizoshikika.

Ya kwanza ni leseni ya programu ya mapokezi, imefungwa kwenye kompyuta yetu wenyewe. Mkataba ni wa miaka 3 kuanzia 1 Machi 2025. Leseni Sh 9,000,000, fundi wa kuifunga 900,000, mafunzo ya wafanyakazi 600,000. Kompyuta ilichelewa bandarini, programu ikawa tayari kutumika 1 Juni. Ya pili ni jina. Bosi alipoinunua hoteli Januari 2025, mkataba ulitenga Sh 24,000,000 kwa jina lililosajiliwa. Anataka gharama yote ya programu igawanywe kwa 3, na jina lisiguswe kwa kuwa "jina halichakai". Nishaurini.

Kibandamaiti: Leseni si kila mwaka unalipia upya? Sisi dukani tunaandika matumizi tu, hatuna habari ya kumega gharama kwa miaka.

MwanaPaje: Hiyo ni leseni ya biashara, ndugu yangu. Hii ni haki ya kutumia programu.

Hesabu_ChakeChake: Bosi wako yuko sahihi kuhusu jina. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 38, kinasema mali isiyo na ukomo wa maisha haimegwi. Liache kwenye mizania kama lilivyo, mambo yameisha.

BiMkaguzi: Hayajaisha, mwanangu. Tuanze na programu. Mafunzo yatoe kabisa, hayo ni matumizi ya mwaka huu; mfanyakazi uliyemfundisha anaweza kuhama kesho na hoteli haimmiliki. Fundi anabaki kwenye gharama kwa sababu bila yeye programu isingefanya kazi. Umebaki na 9,900,000.

Kumega kunaanza siku programu ilipokuwa tayari kutumika, si siku ya kusaini. Lakini haki yenu inakwisha 29 Februari 2028, mkataba haukungojeni mlipochelewa. Kwa hiyo una miezi 33, si 36. Kila mwezi Sh 300,000. Mwaka 2025 una miezi 7, yaani 2,100,000, na mizania inabaki na 7,800,000. Kwa njia ya bosi ungeandika 3,500,000.

MwanaPaje: Ahsante bibi. Kuna kifungu cha kuongeza miaka 3 mingine kwa bei ileile. Nisihesabu 6?

BiMkaguzi: Bei ileile maana yake mnanunua leseni mpya. Miaka ya nyongeza huhesabiwa pale gharama ya kuongeza ni ndogo na kuna ushahidi kwamba mtaongeza kweli. Na programu huzeeka upesi, usiivutevute.

Fumba_Online: Sisi tunalipa kila mwezi, tunaingia kwa mtandao, hakuna kilichofungwa ofisini. Tulilipia mwaka mzima mbele, mhasibu kaiweka kwenye mali zisizoshikika.

BiMkaguzi: Hamna mali hapo, mnanunua huduma. Mliyolipa mbele ni malipo ya awali, yanaingia matumizi mwezi baada ya mwezi.

Sasa jina. Kukosa ukomo si kuishi milele. Ni kwamba ukitazama mbele huoni mwaka ambao litaacha kuleta wageni. Ndiyo maana halimegwi: ungegawa kwa ngapi? Ila badala yake, kila mwaka unapima kama bado linastahili ile 24,000,000, na unajiuliza upya kama ukomo bado hauonekani. Wageni wakihama, unashusha thamani kwa mkupuo. Hiyo ndiyo sehemu aliyoiruka ndugu wa Chake.

Na hiyo ni kwa viwango kamili vya kimataifa, kama hiyo IAS 38. MwanaPaje, hesabu zenu ziko kwenye kipi?

MwanaPaje: Vile vya biashara ndogo na za kati.

BiMkaguzi: Basi hoja ya bosi imeanguka. Huko kila mali isiyoshikika ina ukomo, hata jina. Ukishindwa kukadiria kwa uhakika, unakisia, ila usizidi miaka 10. Kwa 10, ni 2,400,000 kwa mwaka.

Hesabu_ChakeChake: Sawa, hapo nimekubali. Ila nauliza: ardhi ni ya serikali, mnakodi. Mkataba wa kukodi umebakisha miaka mingapi?

MwanaPaje: Minane. Na jina la hoteli ndilo jina la ule ufukwe wetu.

Hesabu_ChakeChake: Basi 8, ni 3,000,000 kwa mwaka. Mkiondoka pale, jina hilo mtaliuza wapi?

BiMkaguzi: Hapo mimi sina haraka. Kama mikataba ya jirani zenu huongezwa bila gharama kubwa, 10 inatetewa. Kama hakuna dalili, 8. Leta kifungu cha kuongeza ukodi tukisome.

MwanaPaje: Kiko kwa wakili mjini. Nakifuata Jumatatu.