Wakuu, GAN yangu inatoa ufa uleule kila mara. Nihamie difyusheni?

Mwanagenzi: Habari zenu. Niko mwaka wa nne, uhandisi mitambo. Mradi wangu ni kutambua nyufa kwenye vyuma kwa kamera. Picha za nyufa ninazo 1,200 tu, piseli 64 kwa 64, nikaona nizalishe nyingine kwa GAN. Sasa kila inayotoka ni ufa mmoja wa mshazari, ukibadilika kidogo tu, na grafu za hasara zimetulia tuli. Msimamizi kasema "jaribu difyusheni", akaondoka. Tofauti hasa ni nini?

BwanaJoto: Difyusheni si ule mlingano wa joto? Pasha bamba upande mmoja, pima upande wa pili. Penye ufa joto litakwama. Picha za nini?

Kisu_Kikali: Si hiyo, mzee. GAN imepitwa na wakati. Difyusheni inaanza na kelele na kuisafisha, GAN haina kelele.

FundiTensa: Kelele ziko kote kuwili. GAN inachukua namba za kubahatisha, 100 hivi, na kuzigeuza picha kwa mkupuo mmoja. Mwanagenzi, GAN ni mitandao miwili inayoshindana: mtunzi anachora picha, mkaguzi anaamua kama ni halisi au bandia. Mtunzi wako haoni picha halisi hata moja. Anachosikia ni hukumu ya mkaguzi tu. Akishajua ufa wa mshazari unapita, wa nini kuhangaika na mwingine? Na grafu isikudanganye: hasara zikitulia, maana yake hao wawili hawajazidiana, basi. Zalisha picha 64, zipange pamoja, uzitazame kwa macho.

Difyusheni haina mpinzani. Unachukua picha yako, unachagua hatua yoyote, tuseme ya 300 kati ya 1,000, unaichafua kwa kelele unayoijua, kisha mtandao unakisia kelele hiyo, ndiyo e hapa chini:

```
x_t = sqrt(a_t)*x_0 + sqrt(1 - a_t)*e
loss = mean((e - net(x_t, t))**2)
```

Kila picha kati ya zile 1,200 inapata zamu yake ya kuulizwa, kwa hiyo ufa adimu hauachwi kirahisi. Utalipia muda: DDPM, modeli ya difyusheni ya 2020, ikizalisha picha moja inaipitisha kwenye mtandao mara 1,000. DDIM, njia ya kuzalisha kwa kuruka hatua, inaweza kushusha hadi 50, bado si mara moja.

Kisu_Kikali: Sawa, kwa kasi GAN bado ina lake.

MamaData: Mimi nilikuwa na picha 800 za kutu. Difyusheni ikanirudishia picha zangu zilezile, imezikariri! Kila inayozalishwa, tafuta picha halisi inayofanana nayo zaidi, uziweke ubavuni. Mwishowe kuzungusha na kugeuza zile halisi kulinifaa kuliko modeli zote mbili.

FundiTensa: Kweli, kwa 1,200 hatari hiyo ipo.

Mwanagenzi: Kuzungusha ndiko kunanitia shaka, mama. Nyufa zangu hufuata mwelekeo wa mzigo. Nikizilaza, si nitaifundisha modeli nyufa ambazo chuma hakipasuki hivyo?

MamaData: Kutu haina mwelekeo. Hapo sijui, jaribu kugeuza kushoto-kulia tu kwanza.