Mrejesho: nafasi tatu na nne za macho kwenye Go

Niliuliza: "Kundi langu likizingirwa na kubaki na nafasi tatu au nne ndani, nitajuaje kama litaishi?"

Ahsanteni sana wakuu. Nimefuata ushauri wa kutazama nafasi ya kati, na umenisaidia. Zikiwa tatu, anayewahi ya kati ndiye anayeamua. Nne zilizonyooka zina za kati mbili: mpinzani akichukua moja, nachukua nyingine, macho mawili yanapatikana, yaani nafasi mbili tupu zilizotengana, na kundi linaishi. Umbo la T lina moja tu, kwa hiyo nawahi. Mraba umekufa hata nikianza mimi.

Ushauri huo uligoma sehemu moja: nne zilizopinda, pindo likiwa kwenye kona yenyewe ya ubao. Mpinzani alichukua ya kati iliyo kando ya kona, nikajibu konani, lakini jiwe langu halikushikana na ukuta wangu. Akalila, tukaingia kwenye ko, yaani kulana jiwe mojamoja kwa zamu mahali palepale. Umbo hilo sasa naliwahi mwenyewe.